Kutoa Mapishi Ndani ya Hadithi: Mfano wa Mahamri

Maelekezo ya mapishi yanayosimuliwa pamoja na kumbukumbu za mtu huwa yamechanganya mambo matatu: vitu vinavyoingia katika chakula, kazi inayofanywa, na maisha ya msimuliaji. Mpishi aliyesimama jikoni na unga mikononi anahitaji mawili ya kwanza tu. Shida ni kwamba hayo mawili hayakai mbali na la tatu. Kipimo au hatua ya kazi hujificha ndani ya sentensi inayoonekana kuwa hadithi tupu, na anayefupisha kwa kufuta kila panapotajwa bibi anaweza kufuta na mahamri yenyewe.

Simulizi kama ifuatayo husikika katika nyumba nyingi za pwani:

“Siku za Jumamosi tuliamka kabla ya adhana. Bibi ameshakuna nazi mbili, anazikamua kwa glasi mbili za maji. Lile tui la pili lilikuwa la mbaazi. Mimi kazi yangu kutwanga iliki, punje kumi hivi, nyumba nzima inanukia. Anachukua nusu ya pakiti ya unga wa kilo mbili, hamira kijiko kimoja cha chakula, na robo ya sukari, ila anabakisha kidogo ya chai. Tui analimwaga kidogo kidogo, anakanda mpaka redio imalize taarifa ya habari. Anafunika kwa kanga, sisi tunakwenda chuoni. Tukirudi unga umefika ukingoni mwa sufuria. Anakata madonge manane, kila moja analisukuma na kulikata vipande vinne. Kwenye karai hakuacha kumwagia mafuta juu kwa upawa, na hamri linavimba kama puto. Nilisahau kusema, tui liwe vuguvugu. Siku niliyomletea la moto, mahamri yalitoka kama mawe.”

Kipimo cha kuamua nini kibaki ni swali moja: sentensi hii ikiondolewa, mkono wa mpishi utafanya tofauti? Adhana na harufu ya iliki vikiondolewa hakuna kinachobadilika jikoni. Redio ni jambo jingine, kwa kuwa ndiyo saa ya kukandia. Taarifa ya habari huchukua kama dakika 10 hadi 15, na unga wa mahamri unahitaji muda wa namna hiyo kukandwa mpaka uwe laini na uache kunata. Kanga nayo inaonekana kama pambo la hadithi, lakini inaeleza kuwa donge hufunikwa lisikauke ngozi. Upawa ndio unaopitwa kwa urahisi zaidi, na kuupita ni hasara kubwa: mafuta ya moto yanayomwagwa juu ya kipande ndiyo yanayosaidia upande wa juu uvimbe kabla haujakauka. Asiyeambiwa hivyo hupata vipande bapa, akadhani kosa ni la hamira.

Chuoni ni mtego wa aina nyingine. Msimuliaji anatoa muda bila kuutaja, na hata angeutaja usingefaa kila mahali. Unga unaoumuka kwa saa moja na nusu katika joto la Mombasa unaweza kuhitaji muda mrefu zaidi penye baridi kama Limuru. Alama aliyoitoa, yaani unga kufika ukingoni, nayo inategemea ukubwa wa sufuria yake. Maana ya alama hiyo ni kwamba donge limeongezeka mara mbili, na hivyo ndivyo inavyofaa kuandikwa. Panapokuwa na dakika na alama pia, viandikwe vyote, alama ikitangulia, kwa sababu mpishi huongozwa na anachokiona.

Vipimo vinataka uangalifu kama huo. “Nusu ya pakiti ya kilo mbili” ni kilo 1, hapo hakuna shaka. “Robo ya sukari” ni gramu 250, lakini kuna kilichobakizwa cha chai, kwa hiyo gramu 200 ni kadirio la haki, na neno “hivi” libaki mbele yake. Glasi hutofautiana kwa ukubwa. Glasi mbili za kawaida zinakaribia nusu lita. Tui la pili halihusiki kabisa, maana lilikwenda kwenye mbaazi. Mafuta ya kukaangia hayakutajwa kiasi. Hapo mfupishaji mwaminifu hajifanyi kuwa bibi alisema. Anaandika kiasi kinachotosha kazi na kuonyesha kwamba ni nyongeza yake.

Kisha unakuja mpangilio. Hadithi hufuata kumbukumbu, kazi ya jikoni hufuata wakati. Onyo la tui la moto limekuja mwisho wa simulizi, ilhali mahali pake ni kabla ya kukanda, kwani joto linalozidi nyuzi 55 hivi za Selsiasi huua hamira. Vitu vyote hutajwa juu, kwa mfuatano wa kutumika kwake, ili mpishi ajue mapema kama iliki imeisha. Utaratibu huo una historia yake. Katika kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1845, Eliza Acton aliweka orodha ya vitu na vipimo mwishoni mwa kila pishi. Isabella Beeton, mwaka 1861, akaipeleka mwanzo, na huko ndiko ilikobaki.

Baada ya kuchujwa, simulizi lile linakuwa hivi:

Mahamri 32

Nazi 2, zilizokunwa
Maji vuguvugu nusu lita hivi
Unga wa ngano kilo 1, na kidogo wa kunyunyizia*
Sukari gramu 200 hivi
Hamira kijiko 1 cha chakula
Iliki punje 10, zilizotwangwa
Mafuta ya kukaangia, ya kufika nusu ya karai*

1. Kamua nazi kwa maji yote, uchuje tui zito. Liwe vuguvugu, lisiwe la moto.
2. Changanya unga, sukari, hamira na iliki.
3. Mimina tui kidogo kidogo huku ukikanda. Acha kumimina donge likishashikana. Endelea kukanda mpaka lisinate, dakika 10 hadi 15.
4. Funika mpaka liongezeke mara mbili.
5. Gawa madonge 8. Nyunyiza unga kibaoni, sukuma kila donge liwe duara, likate vipande 4.
6. Pasha mafuta. Kipande kidogo cha unga kikitumbukizwa kiibuke upesi na mapovu.*
7. Kaanga vichache kwa wakati mmoja, ukimwagia mafuta juu kwa upawa mpaka vivimbe. Geuza, epua vikiwa rangi ya dhahabu.

*Nyongeza ya mfupishaji.

Namna ya kuandika kitu kwenye orodha hubadilisha kipimo chake. “Kikombe kimoja cha nazi iliyokunwa” hupimwa baada ya kukuna. “Nazi moja, ikunwe” huhesabiwa ikiwa nzima. Hatua nayo ibebe kazi inayofanyika kwa mkupuo mmoja, na tahadhari ikae palepale inapohitajika.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa kwenda na kurudi. Kila kitu cha kwenye orodha kitafutwe katika hatua, na kila kitu cha kwenye hatua kitafutwe katika orodha. Katika mahamri haya, vinavyosahaulika kwa urahisi ni maji ya kukamulia na unga wa kunyunyizia, kwa kuwa mkono uliozoea huvichukua bila kuvihesabu. Baada ya hapo karatasi apewe mtu asiyelisikia simulizi, apike. Kila anaposimama kuuliza, iwe ni unene wa duara au ukubwa wa moto, pana kitu kilichobaki ndani ya hadithi, au ambacho msimuliaji hakuwahi kukisema.