Fishi ya mihogo ya Bisie: namna nilitoka kwenye kurasa 46 hadi seli sita

Wandugu, kisha lisansi ya agronomia, niliandika mwongozo wa kulima mihogo kwa watu wanaozunguka Bisie, kule Walikale. Kurasa 46, karibu sawa na memwari yangu. Niliutuma kwa WhatsApp, dola tatu kwa mtu. Walinunua wawili tu, na mmoja hakumaliza kuufungua juu mega zilimuishia.

Mama mmoja anayeuza unga kwa wachimbaji wa kasiterite njo alinifungua macho. Aliniuliza: "Mwanangu, shamba langu ni metre 40 kwa 25. Ninunue miti mingapi?" Kurasa zangu zote hazikuwa na jibu la moja kwa moja!

Basi nikatengeneza fishi ya kuhesabu kwa Excel. B1 ni urefu na B2 upana, kwa metre. B3 na B4 ni nafasi kati ya mistari na kati ya mimea, kwa sentimita. B5 inatoa hesabu ya vipande, na asilimia 10 ya kujaziliza vile vitakufa:

```
=B1*B2*10000/(B3*B4)*110/100
```

Kwa yule mama, nafasi ni 100 kwa 100: vipande 1100. Kipande kimoja ni sentimita 25 hivi, chenye macho matano ao zaidi. Mti uliokomaa, ukiwa na metre moja nzuri, unatoa vinne. Kwa hiyo B6 ni `=B5/4`, ni kusema miti 275.

Mutauliza, kwa nini sentimita? Fishi ya kwanza ilikuwa inaomba metre. Mtu mmoja aliandika 0.8, simu yake iko kwa Kifaransa na inataka 0,8, akapata #VALEUR! akafikiri nimemwibia. Njo maana pia nimeweka 110/100, si 1,1. Namba nzima haigombani na simu yoyote.

Lakini hesabu haioni ugonjwa. Mozaiki inaingia shambani kwa inzi weupe, na zaidi kwa vipande vyenyewe. Miti ikishafika sokoni bila majani, hata mimi agronomu siwezi kuitambua. Majani yenye madoa ya njano na yaliyojikunja yanaonekana shambani tu. Kwa hiyo pamoja na fishi ninatuma sauti ya dakika mbili: enda kwa muuzaji kabla hajakata, chagua mimea ya miezi 8 hadi 12 yenye majani safi, ifunge kamba, kisha urudi siku ya kukata. Picha mbili za majani, lenye afya na lenye ugonjwa, zinatosha.

Watu wanapitishiana fishi bure, na sikuweza kuzuia. Sasa ninaiachilia. Ninacholipisha ni kuangalia picha za shamba la mbegu na kujibu "kata" ao "usikate", malipo kwa simu. Na kama picha haionyeshi majani ya juu vizuri, ninaomba ingine kabla ya kujibu.