Maji Yasikaukie Kwenye Kioo

Michirizi kwenye kioo cha dirisha haitokani na kusugua kidogo. Ni mabaki ya maji yaliyokaukia pale pale. Maji hupaa hewani, lakini sabuni, vumbi na madini yaliyokuwamo hubaki kioni. Ndiyo maana anayezidisha sabuni ili king'ae hupata ukungu, na anayeosha saa saba mchana, jua likiwa limepiga dirisha, huona mistari imeshajichora kabla hajashika kitambaa cha kukaushia.

Kwa wakazi wa pwani kuna shida nyingine. Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa, lile lile linalochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Maji ya kisima hupita humo na kubeba chokaa iliyoyeyuka. Chukua dirisha la sebule la aluminiamu, mbele yake bustani inayomwagiliwa kwa maji hayo. Kila jioni matone hurukia vioo vya chini, yakauke, na baada ya miezi kadhaa kunakuwa na madoa meupe ya duara ambayo sabuni haiyagusi.

Kabla ya kutafuta dawa, lipangusie doa kitambaa chenye maji. Likitoka lote, ilikuwa chumvi ya upepo wa bahari, na maji yanatosha. Likififia likiwa bichi kisha likarudi kioo kinapokauka, na ukucha ukapita juu yake ukikwaruza, hiyo ni chokaa, nayo haiondoki bila asidi. Siki nyeupe ya dukani inatosha: kikombe kimoja cha siki kwa kikombe kimoja cha maji. Tatizo ni kwamba dirisha limesimama na siki huteleza chini kabla haijafanya kazi. Basi lowesha karatasi za tishu katika siki, zibandike juu ya madoa, uziache dakika kumi zikiwa mbichi. Ukizibandua, sugua kwa upande laini wa sponji, kisha suuza. Doa la siku nyingi litahitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Hiyo ni afadhali kuliko stiliwaya, ambayo huacha mikwaruzo ya kudumu.

Siki hula marumaru kama inavyokula chokaa, kwa hiyo funika kizingiti cha dirisha kwa plastiki. Na usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Madoa yakiisha, ndipo uoshe dirisha zima, asubuhi kioo kikiwa bado baridi. Ndoo ya lita tano inahitaji nusu kijiko cha chai tu cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kama una maji ya mvua uliyoyakinga, tumia hayo, maana karibu hayana madini kabisa.

Kwa kioo kipana na kitupu, hakuna kinachoshinda kipangusio cha mpira, kile wanachotumia vijana wanaoosha vioo vya magari barabarani. Kazi yake ni kuyaondoa maji yote kabla hayajakauka. Kausha kwanza ukanda mwembamba juu ya kioo kwa kitambaa, uanzie mpira hapo pakavu. Ukianzia pabichi, maji yatachuruzika nyuma yake. Shuka kwa mkono mmoja bila kusita, futa ncha ya mpira, kisha ushuke tena ukipanda kidogo juu ya njia ya kwanza. Ukiona mstari mmoja unajirudia mahali pale pale kila unaposhuka, mpira una kovu, ubadilishe.

Lakini madirisha yetu mengi yana nondo, na mengine ni ya luva, ambako kipangusio hakipiti. Hapo tumia vitambaa viwili vya maikrofaiba, kimoja kibichi cha kuoshea na kingine kikavu kabisa cha kumalizia. Taulo huacha manyoya. Gazeti hukausha vizuri, ila wino wake huchafua fremu nyeupe. Maikrofaiba usiifue kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu mafuta yake yatahamia kwenye kioo. Ukipangusa ndani kwa kwenda kulia na kushoto, na nje kwa kwenda juu na chini, mstari ukibaki utajua uko upande gani.

Ikiwa umetumia siki mara kadhaa, ukucha unapita laini lakini weupe bado upo, acha kusugua. Kioo chenyewe kimelika, na hilo hutokea pia maji ya saruji mbichi yanapokitiririkia wakati wa ujenzi. Hapo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kusugulia kioo, au kubadilisha kioo. Wewe ambaye chako hakijafika huko, geuza mpira wa bustani usielekee dirishani, na matone yakiruka, yafute jioni hiyo hiyo.