Dakika Thelathini za Mnunuzi

Maonyesho mengi ya kuuza mfumo wa kompyuta huanza kwa namna moja. Muuzaji anaunganisha projekta, anaonyesha ukurasa wa kuingilia, anaeleza jinsi ya kubadili nywila, kisha anateremka kwenye menyu kitufe baada ya kitufe: wateja, bidhaa, watumiaji, ripoti, mipangilio. Ripoti ambayo mwenye duka aliacha shughuli zake kuja kuitazama inafunguliwa dakika ya ishirini na tano. Kufikia hapo mwenye duka anajibu ujumbe kwenye simu, mhasibu wake ameshatoka nje, na swali lililobaki ni moja: "Sasa hiyo ni shilingi ngapi?"

Swali hilo lina chanzo. Mtafiti Mwingereza Neil Rackham na wenzake walichunguza mazungumzo ya mauzo yapatayo 35,000, na mwaka 1988 akachapisha waliyoyaona. Katika mauzo makubwa, muuzaji anayeorodhesha sifa za bidhaa humsukuma mnunuzi kuwaza bei, kwa kuwa kila sifa asiyoihitaji huihesabu kama kitu anachotozwa bure. Wauzaji waliofanikiwa walitumia muda mwingi zaidi kuuliza tatizo linaleta hasara gani, na linamgusa nani, kabla ya kusema lolote kuhusu dawa yake.

Jambo hilo lilijulikana kwa vitendo karne moja kabla ya Rackham. Rejista ya fedha ilibuniwa mwaka 1879 mjini Dayton, Ohio, na James Ritty, mwenye baa aliyechoka kuibiwa na wahudumu wake. John Patterson aliinunua biashara hiyo mwaka 1884, na miaka mitatu baadaye kampuni yake ikawapa mawakala wake kitabu cha mwongozo wa kuuzia. Wakala alitakiwa kuanza na biashara ya mteja: fedha zinapotea wapi, deni linasahaulika vipi, mwenye duka anajuaje mauzo ya siku. Mashine ilionyeshwa baadaye, mara nyingi katika chumba cha hoteli kilichopangwa mfano wa duka, mbali na wateja wa kukatiza mazungumzo.

Leo mashine ni programu na muda ni nusu saa. Chukua mfano wa duka la dawa la jumla huko Kariakoo, linalouzia maduka ya rejareja na zahanati. Kijana anayeuza mfumo wa kutunza stoo amekubaliwa dakika thelathini siku ya Alhamisi. Onyesho lake litafaulu au litaanguka kutokana na simu anayopiga Jumatatu.

Katika simu hiyo haulizi "mna changamoto gani?", kwa sababu swali pana huzaa jibu pana. Anauliza tukio: "Mama, mara ya mwisho dawa zilipokwisha muda zikiwa stoo, ilikuwaje?" Hapo mwenye duka anasimulia. Mwaka uliopita, dawa za shilingi milioni 6 zilikutwa zimekwisha muda wakati wa kuhesabu mali Desemba. Leja ilionyesha idadi ya maboksi bila tarehe, na kila mzigo mpya ulipoingia ulipangwa mbele ya ule wa zamani. Hasara haikuishia kwenye fedha za kununulia, maana dawa zilizokwisha muda hazitupwi jalalani; lazima ziombewe kibali na kuteketezwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya dawa.

Muuzaji anaendelea kuuliza mpaka apate mambo manne kwa kila tatizo: chanzo chake, hasara yake kwa tarakimu, nani linamuumiza, na nini kingehesabiwa kuwa nafuu. Mazungumzo yanamletea matatizo mengine mawili. Mhasibu anashinda akitafuta nani anadaiwa, kwa sababu mzigo wa mali kauli umeandikwa kwenye daftari tatu. Wauzaji wa kaunta nao wanaahidi kwa simu dawa ambazo stoo imeshaishiwa. Mfumo wake una moduli kumi na mbili, lakini Alhamisi zitafunguliwa tatu.

Ratiba yake inatoshea kwenye nusu ukurasa. Dakika nne za kwanza ni za kurudia tatizo, nne za kuonyesha matokeo, kumi na mbili za kuonyesha njia, saba za maswali na tatu za kukubaliana hatua inayofuata.

Katika dakika nne za mwanzo projekta inaonyesha ukurasa mmoja wenye sentensi tatu, kila sentensi ikiwa na tatizo moja na tarakimu aliyoitaja mwenyewe mwenye duka. Kisha muuzaji anauliza kama yupo sahihi na kama kuna lililobadilika tangu Jumatatu. Pengine chumbani ameingia mtunza stoo ambaye hakuwapo kwenye simu, naye anasema dawa za maji ndizo zinazoharibika zaidi. Kauli hiyo ina uzito, kwani inabadilisha bidhaa itakayotumika kama mfano dakika chache baadaye.

Dakika ya tano inafunguka skrini ambayo wauzaji wengi huiweka mwisho. Peter Cohan, Mmarekani aliyefundisha wauzaji wa programu kwa miaka mingi, huwahimiza wafanye la mwisho kwanza: waonyeshe matokeo, ndipo warudi kwenye njia. Hapa matokeo ni orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi sita, zikiwa zimepangwa kwa thamani, yenye hasara kubwa juu. Muuzaji anasema sentensi moja ya kueleza safu zilizopo, kisha ananyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mtu aliyezoea kusema, lakini ndio unaowapa watu nafasi ya kusoma mstari wa kwanza na kuanza kuulizana wao kwa wao.

Sasa inakuja njia, nayo inakuwa fupi kadiri inavyowezekana. Tatizo kubwa linapewa dakika sita, mengine mawili dakika tatu kila moja. Muuzaji anamkabidhi mtunza stoo kompyuta mpakato apokee mzigo mmoja: jina la dawa, namba ya bechi, tarehe ya kwisha muda, idadi. Vitu vinne tu, lakini vya kuandikwa kila mzigo unapoingia, na hapo ndipo gharama halisi ya mfumo ilipo. Muuzaji anayeificha atakutana nayo mwezi wa pili, wakati tarehe hazijazwi na orodha imeanza kudanganya. Baada ya hapo anafanya mauzo moja ili waone mfumo ukichagua bechi inayokaribia kwisha muda, badala ya ile iliyo mbele kwenye rafu.

Kila tatizo linafungwa kwa swali: "Hii ingeuokoa ule mzigo wa mwaka jana?" Jibu linaweza kuwa hapana. Mwenye duka anaeleza kwamba msambazaji wake mkubwa hupokea marejesho kama dawa imebakiza zaidi ya miezi sita, kwa hiyo orodha ya miezi sita inampa taarifa kazi imeshaharibika. Muuzaji anabadilisha kipimo kuwa miezi tisa papo hapo, na orodha inarefuka mbele yao. Kwa ziara ya menyu, sharti la msambazaji lisingejulikana kabla ya mfumo kununuliwa.

Mambo huharibika kwa njia zinazofahamika. Ya kwanza ni data ya mfano. Data iliyoandaliwa Machi ikifunguliwa Septemba itaonyesha karibu kila dawa imekwisha muda, na onyesho zima linapoteza maana. Tarehe zinasogezwa siku moja kabla. Majina yanakuwa ya bidhaa ambazo duka linaziuza kweli, kama amoksilini, parasetamo na ALu, si "Bidhaa A" na "Bidhaa B". Wadaiwa wanakuwa wa kubuni. Muuzaji anayeonyesha daftari la deni la mteja wake mwingine amemwambia mama huyu kwamba na la kwake litaonyeshwa kwa washindani. Umeme na mtandao navyo vina siku zao, hivyo picha za skrini kuu tano zinahifadhiwa kwenye kompyuta ili kukatika kwa intaneti kusiondoke na mkutano.

Hatari ya pili ni swali zuri lililokuja mapema. Mhasibu anauliza dakika ya tisa kama mfumo unatoa mishahara. Jibu fupi linatolewa, ndiyo au hapana, na swali linaandikwa mahali ambapo wote wanaliona ili lirudiwe kwenye zile dakika saba. Kufungua moduli ya mishahara wakati huo ni kula muda wa tatizo la milioni 6. Hata hivyo, mwenye duka akisema mali kauli ndiyo inayomnyima usingizi kuliko dawa kuisha muda, mpangilio unageuzwa bila kubishana.

Namna ya kujua kama onyesho limeshika ni kusikiliza nani anazungumza. Muuzaji akisema dakika tatu mfululizo bila mtu kumkatiza, amepoteza chumba. "Mfumo mzuri, tutawasiliana" ni adabu ya kuagana. Dalili njema ni mtunza stoo na mhasibu wakianza kubishana nani ataandika tarehe mzigo ukifika jioni, kwa sababu wameshahama kwenye kutazama na wanapanga kazi.

Mpangilio huu una mipaka. Zabuni ya umma huja na orodha ya vigezo, na kamati lazima ipime kila kimoja. Hapo muuzaji hufuata orodha kwa mpangilio wake, akiunganisha kila kigezo na kazi inayofanyika ofisini. Mnunuzi aliyekuja bila mazungumzo ya awali huhitaji dakika kumi za kuulizwa, kisha kuonyeshwa tatizo moja tu. Tena yapo matatizo ambayo programu haiyatibu. Rafu zikiendelea kupangwa mzigo mpya mbele, na mchukuaji asiposoma namba ya bechi, orodha itakuwa sahihi huku stoo ikiendelea kupoteza. Hilo linasemwa wazi mbele ya mwenye duka, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kubadili upangaji.

Dakika tatu za mwisho hazirudii yaliyoonyeshwa. Zinatafuta jaribio lenye kipimo: dawa ishirini, wiki mbili, mtunza stoo akipokea mizigo yake kwenye mfumo. Mwishoni mwa wiki ya pili mhasibu anachapisha orodha na kwenda nayo kwenye rafu, akilinganisha bechi na tarehe mstari kwa mstari. Jioni ileile ya Alhamisi muuzaji anatuma ujumbe unaotaja hizo dawa ishirini, jina la atakayeziandika, siku ya kuhesabu, na tofauti ambayo mwenye duka amesema hataikubali.