Damu Inayoganda Bila Kuitwa

Mtu akilazwa kwa bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, ndugu zake huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: "Daktari, damu yake ina nini?" Ni swali la haki. Shavu la mguu limevimba ghafla, au pumzi imebana usiku, na aliyepatwa ni kijana aliyekuwa mzima jana yake. Maabara kubwa za mijini zina orodha ya vipimo vya kulijibu swali hilo. Huitwa vipimo vya trombofilia, yaani hali ya damu kuelekea kuganda kuliko kawaida. Ni vipimo vya bei kubwa, na kwa wagonjwa wengi majibu yake hayabadilishi lolote katika tiba. Lakini kwa wachache, kimojawapo huamua dawa gani itumike, kwa muda gani, na kama mimba ijayo itafika mwisho. Kazi ni kuwatambua hao wachache.

Damu ya kila mtu ina uwezo wa kuganda, na bila uwezo huo jeraha dogo lingetuua. Mshipa unapokatika, protini kadhaa huamshana moja baada ya nyingine hadi nyuzi zinazoziba tundu zitokee. Kazi hiyo lazima isimamishwe mara tundu linapozibwa, kama gari linavyohitaji breki zaidi linapoteremka mlima. Breki za damu ni protini tatu zinazotengenezwa hasa na ini: antithrombini, protini C na protini S. Kila breki inapolegea, au kinachopaswa kuzuiwa kinapokataa kuzuiwa, damu huganda mahali ambapo hapana jeraha.

Udhaifu wa kurithi ulianza kueleweka mwaka 1965, pale Olav Egeberg wa Norwe alipoeleza familia iliyopungukiwa antithrombini. Upungufu wa protini C na wa protini S ulifuata katika miaka ya 1980. Ingawa aina hizi tatu ni nadra, zina nguvu, na mara nyingi mtu hupata bonge la kwanza akiwa bado kijana. Kisha mwaka 1994 watafiti wa mji wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Rogier Bertina, waligundua badiliko dogo katika jeni ya protini iitwayo faktari ya tano. Protini hiyo iliyobadilika haikatwi upesi na protini C. Badiliko hilo, liitwalo Faktari V Leiden, linabebwa na takriban watu 5 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya. Mwaka 1996 likapatikana jingine katika jeni ya prothrombini, nalo pia limeenea zaidi Ulaya.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapopaswa kutulia. Mabadiliko hayo mawili ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Mtu wa Mwanza au Kisumu asiye na nasaba ya Ulaya au Mashariki ya Kati anayelipia kipimo cha Leiden analipa ili atafutiwe kitu ambacho karibu hakika hakipo. Tena hata kikipatikana, uzito wake ni mdogo kuliko jina lake. Anayebeba nakala moja ya jeni hiyo ana hatari ya kupata bonge la kwanza mara tatu hadi tano kuliko asiyebeba, ila wengi wa wabebaji huishi maisha yao yote bila kuganda damu. Na kwa aliyekwisha kupata bonge, jeni hiyo huongeza kidogo tu uwezekano wa kupata la pili.

Kinachotabiri bonge la pili ni namna la kwanza lilivyokuja. Bonge lililofuata upasuaji mkubwa lina chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho kimepita. Mgonjwa hutumia dawa kwa miezi 3, huacha, na ni mara chache hali hurudi. Bonge lililokuja bila sababu ni jambo jingine: wagonjwa wa namna hiyo wakiacha dawa, karibu 10 kati ya 100 hupata jingine ndani ya mwaka mmoja, na zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka 10. Kwa hiyo daktari anayeuliza vizuri juu ya upasuaji, kujifungua, kulala kitandani kwa muda mrefu na vidonge vya uzazi wa mpango anajua mengi kabla ya tone la damu kufika maabara.

Kwetu sisi, hali zinazopatikana baada ya kuzaliwa ndizo zinazostahili kutazamwa mapema, na nyingi hugunduliwa kwa vipimo vya bei nafuu. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na saratani huielekeza damu kwenye kuganda. Ugonjwa wa figo unaomwaga protini kwenye mkojo huondoka na antithrombini pia, na kijiti cha kupimia mkojo huonyesha hilo kwa dakika chache. Selimundu, ingawa ni ya kurithi, nayo imo kwenye orodha hii ya kuangaliwa kwanza. Mimba na wiki 6 baada ya kujifungua ni kipindi cha hatari kwa kila mwanamke, kwa sababu mwili unajiandaa kuzuia kuvuja damu wakati wa uzazi.

Lakini ipo hali moja ya kupatikana ambayo haionekani kwa kijiti cha mkojo, nayo ndiyo inayohalalisha kipimo cha bei kubwa. Mwaka 1983 Graham Hughes, daktari wa London, aliieleza kwa kina: mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia protini zinazoshikamana na mafuta ya kuta za seli. Leo inaitwa sindromu ya antifosfolipidi. Inaweza kugandisha damu katika mishipa ya kurudisha damu na katika ateri pia, hivyo huleta bonge mguuni kwa mmoja na kiharusi kwa mwingine. Huharibu pia kondo la nyuma, na mimba hupotea.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 32. Mguu wake wa kushoto umevimba, na ultrasaundi imeonyesha bonge kwenye mshipa wa paja. Hajafanyiwa upasuaji, hatumii vidonge vya uzazi wa mpango, hakusafiri. Daktari anauliza juu ya uzazi, naye anasimulia: mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 9, ya pili mtoto alifia tumboni akiwa na wiki 22. Katika mimba hiyo ya pili kipimo cha VDRL kilisema ana kaswende. Alitibiwa, mumewe akapimwa akakutwa hana, na nyumba ikaingia maneno.

Kwa anayeijua hali hii, simulizi hiyo inaeleza mengi. Kipimo cha VDRL hutumia kadiolipini, mafuta yale yale ambayo kingamwili hizi huyadaka, kwa hiyo humsingizia mgonjwa kaswende. Kipimo mahsusi cha vijidudu vya kaswende kingetoa jibu hasi, na ugomvi wa nyumbani usingekuwepo. Dalili ya pili ni kipimo cha APTT, kilichofanywa kabla ya dawa yoyote. Kimechukua muda mrefu kuliko kawaida, kana kwamba damu yake haigandi upesi, ilhali mguuni imeganda. Kingamwili hizi huchelewesha mgando ndani ya chupa na kuuharakisha ndani ya mwili.

Anapimwa vitu vitatu: kizuia-mgando cha lupasi, kingamwili za kadiolipini, na kingamwili za beta-2 glikoprotini I. Vyote vitatu ni chanya. Hata hivyo daktari hasemi neno la mwisho bado, kwa sababu maambukizi mbalimbali yanaweza kuamsha kingamwili hizi kwa muda kisha zikapotea. Vipimo vinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, na vinapobaki chanya ndipo ugonjwa unathibitishwa.

Jibu hilo linabadilisha mambo mawili. Kwanza ni dawa. Wagonjwa wengi wa mabonge siku hizi hupewa vidonge vipya kama rivaroksabani, visivyohitaji kupimwa damu mara kwa mara. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa wenye majibu matatu chanya kama huyu lilisitishwa mapema, kwa kuwa waliotumia rivaroksabani walipata mabonge na viharusi zaidi kuliko waliotumia warfarini. Basi yeye atatumia warfarini bila kuacha, akipimwa INR ili ibaki kati ya 2 na 3. Pili ni uzazi. Akitaka mtoto, atapimwa mimba mara hedhi inapochelewa, na warfarini iondolewe kabla ya wiki ya 6 kwa sababu humdhuru mtoto. Atachomwa sindano za heparini na kumeza aspirini kidogo kila siku mpaka karibu na kujifungua, kisha atarudi kwenye warfarini, ambayo haimzuii kunyonyesha. Kwa tiba hiyo wanawake wengi wenye historia kama yake hujifungua watoto hai.

Kipimo sahihi kikifanywa wakati usiofaa hudanganya. Bonge likiwa jipya, antithrombini, protini C na protini S zinaweza kushuka kwa kuwa zimetumika. Heparini hushusha antithrombini. Warfarini hushusha protini C na S. Mimba hushusha protini S. Mtu akipimwa siku ya tatu wodini anaweza kutoka na cheti cha ugonjwa wa kurithi asiokuwa nao, na dada zake wakatishwa bure. Vipimo hivi husubiri miezi 3 ipite, na dawa ziwe zimesimamishwa kwa ruhusa ya daktari. Kizuia-mgando cha lupasi nacho huvurugwa na dawa hizo. Hata chupa ya kifuniko cha buluu isiyojazwa hadi kwenye alama huharibu jibu.

Nani basi apimwe? Antifosfolipidi ni kwa kijana au mtu wa makamo aliyeganda damu bila sababu, aliyepata kiharusi katika umri mdogo, au mwanamke aliyepoteza mimba mara kwa mara au aliyefiwa na mtoto tumboni baada ya wiki 10 bila kasoro kuonekana. Upungufu wa antithrombini na protini C na S ni kwa familia ambamo ndugu wa damu kadhaa waliganda wakiwa vijana, hasa pale binti anapotaka kuanza vidonge vyenye estrojeni au kubeba mimba. Bonge la ini, utumbo au ubongo nalo huhitaji uchunguzi wake wa pekee. Aliyeganda baada ya upasuaji hahitaji kimojawapo.

Majibu yakiwa hasi yote, hatari haijafutika. Bonge lililokuja bila sababu lina uzito ule ule, na kuacha dawa kwa kuwa "vipimo viko safi" ni kosa linalorudisha watu wodini. Kwa hiyo kabla ya kunyoosha mkono uchomwe sindano, muulize daktari maswali mawili: likiwa chanya tutafanya nini, na likiwa hasi tutafanya nini? Majibu yakiwa ni mamoja, fedha hiyo inunulie dawa na nauli ya kliniki ya INR.