Presha kuka na kurasa zake za maonyo

Sanduku la presha kuka ya umeme likifunguliwa, chungu hutoka kwanza na kijitabu hutoka mwisho, mara nyingi kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Kimeandikwa Kiingereza au Kichina, pengine na Kiarabu kama mzigo umepitia Dubai. Kiswahili hakimo. Ndipo kurasa zinapopigwa picha kwa simu na kurushwa WhatsApp kwa mtoto wa familia anayeijua lugha, na ujumbe mfupi chini yake: nisomee, hapa wanasema nini?

Tuseme shangazi yuko Morogoro, amenunuliwa presha kuka ya lita 6 kutoka Kariakoo, na mpwa wake yuko Dar es Salaam. Picha zimefika nne, na moja ina kivuli cha kichwa cha mpigaji.

“Shikamoo shangazi. Ile ya pili naomba uipige tena, mkunjo umekula maneno.”

“Marahaba mwanangu. Si usome hayo yanayoonekana?”

Hapo mpwa hana budi kushikilia msimamo. Katika Kiingereza, maneno mafupi ya kukataza hukaa mwanzoni mwa sentensi, na kwenye ukurasa wa kulia wa kijitabu mwanzo wa mstari ndio unaozama kwenye mkunjo. Katazo la kutumbukiza kitako cha chungu kwenye maji likipoteza maneno yake mawili ya kwanza, linabaki kuwa agizo la kukitumbukiza. Sehemu za hesabu nazo huponzwa na picha mbaya: 2/3 iliyofifia husomeka 23, na msomaji mwenye haraka huiruka.

Kwa hiyo kijitabu kilazwe mezani karibu na dirisha, kibanwe kwa vidole mpaka mkunjo ulale, kila ukurasa upigwe picha yake, na flashi izimwe kwa sababu karatasi ya kung'aa huirudisha. WhatsApp hubana picha za kawaida, hivyo herufi ndogo zikigoma kusomeka, picha itumwe kama faili. Zaidi ya kurasa za maonyo, mfasiri anahitaji ukurasa wenye mchoro wa sehemu za chungu. Bila mchoro atajua kwamba vali fulani isizibwe, lakini hatajua ni ipi kati ya vile vidude viwili vilivyo juu ya mfuniko.

Picha zikishasomeka, tatizo linageuka. Maonyo ni mengi kupita kiasi, na karibu yote yameandikwa kwa sauti moja. Viwango vya Marekani vya alama za usalama vinapanga ngazi: neno la juu kabisa ni la jambo ambalo lisipoepukwa litaua au kujeruhi vibaya, linalofuata ni la jambo linaloweza kufanya hivyo, na la tatu ni la majeraha madogo. Kwa Kiswahili ngazi hizo zinaweza kuandikwa HATARI, ONYO na TAHADHARI. Lakini vijitabu vingi vya jikoni havijisumbui na ngazi. Vinatoa orodha moja ndefu, ambamo katazo la kutumia chungu nje ya nyumba limekaa jirani na katazo la kufungua mfuniko wenye presha, kana kwamba yana uzito mmoja.

Sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya orodha haikutungwa kwa ajili ya chungu hicho. Vyombo vya umeme vya nyumbani vina kiwango cha kimataifa, IEC 60335, chenye sentensi ambazo kijitabu lazima kizibebe: waya ulioharibika ubadilishwe na kiwanda, wakala wake au fundi anayestahili, watoto wasichezee chombo, na kadhalika. Sentensi hizohizo zimo kwenye kijitabu cha pasi na cha birika. Mfasiri anazitafsiri, lakini hazimpotezei muda mwingi. Anachotafuta ni yale maonyo ambayo yapo kwa sababu chombo hiki ni chungu cha presha. La kwanza kati ya hayo ni mfuniko.

Presha kuka nyingi za umeme hufanya kazi kwenye kilopaskali 70 hivi juu ya presha ya kawaida ya hewa. Namba hiyo haimwambii shangazi kitu, lakini ikipigwa hesabu kwenye mfuniko wa sentimita 22 inasema mengi: mvuke unausukuma mfuniko kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 270. Ni kama magunia mawili na nusu ya mahindi, ila yanasukuma kwenda juu. Maji yaliyo ndani yamefika nyuzi 115 hivi bila kuchemka, kwa sababu presha imeyazuia. Mfuniko ukitoka ghafla, presha inaondoka na maji yanachemka yote kwa pamoja. Lita 3 za maji katika hali hiyo hutoa zaidi ya lita 100 za mvuke kwa kufumba na kufumbua, na mvuke huo unabeba maharage ya moto hadi usoni mwa aliyesimama karibu.

Kwenye kijitabu, onyo hilo huandikwa kwa maneno machache tu: usifungue mfuniko kwa nguvu. Tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno, lakini inapotosha. Mpishi anayeisoma kwa Kiswahili anaelewa kwamba afungue taratibu, asije akavunja kishikio. Mwandishi wa kijitabu alimaanisha jambo jingine: mfuniko unaokataa kuzunguka unatoa habari kwamba presha bado imo. Tafsiri inayomfikisha shangazi penyewe inakuwa ndefu kidogo: “Mfuniko ukigoma, ujue presha bado imo ndani. Uache. Usiufungue mpaka ile pini ndogo iliyopanda juu ya mfuniko ishuke yenyewe.” Pini hiyo hupandishwa na mvuke na hushuka mvuke ukiisha, ikiwa juu, hufunga komeo la mfuniko. Kuisukuma kwa ncha ya kisu ili ishuke ni kuvunja ulinzi uleule uliowekwa kwa ajili ya macho ya mpishi.

Jambo moja la hapa kwetu ni vizuri mfasiri akaliongezea, hata kama mwandishi wa kijitabu hakulifikiria. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, kioo cha namba kinazima na chungu kinaonekana kimelala. Presha haikukatika pamoja na umeme. Itabaki humo kwa muda, na kwa chungu kilichojaa inaweza kuchukua nusu saa na zaidi kushuka. Anayetaka kujua hali ya ndani aitazame pini, wala si kioo.

Vyakula vizito vina ujanja wao. Makande au uji mzito hushika mapovu ya mvuke ndani, na hata pini ikishashuka, povu kubwa linaweza kupasuka mfuniko unapoinuliwa. Ndiyo sababu baadhi ya vijitabu huagiza chungu kitikiswe kidogo kabla ya kufunguliwa. Kwa aliyewahi kurukiwa na uji, maelezo ya ziada hayahitajiki.

Onyo la pili kwa uzito ni lile lenye sehemu za hesabu. Chungu kisijazwe kupita 2/3, na kwa vyakula vinavyovimba au kutoa povu, kisipite nusu. Kwenye kijitabu mfano wa vyakula hivyo unaweza kuwa shayiri na tambi, vitu ambavyo shangazi hapiki. Mfasiri anayejua jiko la nyumbani kwao ataandika maharage, dengu na mchele. Katika chungu cha lita 6, nusu ni lita 3, maharage na maji yake pamoja, na mstari wake kwa kawaida umechorwa ndani ya sufuria.

Ukiuliza kwa nini, kijitabu hakijibu, na mtu asiyejua sababu hujaza tu, hasa wageni wakija. Povu la maharage hupanda hadi kwenye tundu la kutolea mvuke, linakaukia humo na maganda yake, na njia ya kawaida ya mvuke inaziba. Chungu kina vizuizi vingine nyuma ya hicho, lakini hakuna sababu ya kuvijaribu. Dalili zinaonekana mapema: pini haipandi kama kawaida, au mvuke unavuja pembeni ya mfuniko. Kabla ya kupika, mfuniko uinuliwe kuelekea kwenye mwanga na tundu litazamwe. Mwanga usipopita, lioshwe. Mpira wa mfuniko nao ukaguliwe. Ukiwa umekauka au umepasuka, ubadilishwe na wa chungu hichohicho, hata kama wa duka la jirani unaonekana kuingia.

Maonyo ya umeme yanakuja yamegawanyika kurasa kadhaa, na mfasiri anaweza kuyakusanya mahali pamoja. Sufuria ya ndani huoshwa. Mwili wa nje, wenye kipasha moto na nyaya, haumwagiwi maji wala hautumbukizwi kwenye beseni. Mtu akimimina maji bila sufuria kuwemo, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye umeme. Plagi ya pini tatu nayo ina sababu yake: pini ndefu ya juu ni ya ethi, na ndiyo inayopeleka umeme ardhini iwapo mwili wa chuma utashika umeme. Adapta ya pini mbili, ile ya bei ya soda, inaifuta kazi hiyo, na shoti inaweza kumpitia mpishi aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Waya usining'inie ukingoni mwa meza. Mtoto anayeuvuta hapigwi na umeme, anamwagikiwa chungu kizima.

Baada ya hapo yanabaki maonyo ambayo yakivunjwa huharibu mali au dhamana: usitumie sponji ya chuma, usiweke juani, usitumie kwa biashara. Hayo mpwa anaweza kuyaandika kwa mistari miwili.

Kuna habari moja ambayo huenda isiwemo kwenye kurasa za maonyo wala kwenye picha nne za shangazi. Imo kwenye kibandiko kilicho chini ya kitako: volti. Tanzania inatumia volti 230 na Kenya 240, na vyungu vilivyotengenezwa kwa masoko hayo huandikwa 220–240 V. Lakini presha kuka iliyokuja kwenye pipa la mizigo kutoka kwa ndugu aliye Marekani au Kanada inaweza kuandikwa 120 V. Kipasha moto cha wati 1000 cha volti 120 kikichomekwa kwenye volti 230 kinavuta karibu wati 3,700, kwa sababu umeme ukikaribia kuongezeka mara mbili, joto linakaribia kuongezeka mara nne. Hakitangoja maharage yachemke. Chungu cha namna hiyo kinahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi wati za chungu, na transfoma ya ukubwa huo ni nzito na inaweza kukaribia bei ya chungu kipya. Kabla ya kuanza kutafsiri chochote, mpwa anaomba picha ya tano.

“Shangazi, kigeuze chungu, nipigie picha ya kile kibandiko cha chini. Usikichomeke kwanza.”