Dishi Moja, Ving'amuzi Viwili

Sebuleni taarifa ya habari inaonekana safi. Mara chumbani king'amuzi cha pili kinawashwa, na nusu ya chaneli za sebuleni zinapotea. Mvua hulaumiwa bure. Mkosaji ni kijisplita kilichofichwa darini.

Splita ya njia mbili huipa kila runinga chini ya nusu ya nguvu, na waya nao hula: mita 30 za waya mzuri hufikisha robo tu, au pungufu. Hayo bado huvumilika. Shida kubwa ni umeme. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 dishini kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo, na kichwa cha dishi chenye tundu moja hakiwezi kutii amri mbili. Cha chumbani kikitaka 18, cha sebuleni kilichotaka 13 hukosa picha.

Kupima ni rahisi: chomoa waya wa king'amuzi kimoja. Chaneli zikirudi, splita iondoke.

Badala yake funga kichwa chenye matundu mawili, kila king'amuzi kivute waya wake usiokatwa. Waya ukiwa mrefu mno, kikuza mawimbi kikae karibu na dishi. Nyuma ya runinga hukuza na makelele.