Faida ya Milioni 34 Iliyogeuka Pengo la Milioni 47

Tuchukue kiwanda cha mfano cha kukamua alizeti mkoani Singida. Kinataka kununua mashine mpya ya shilingi milioni 600, itakayofanya kazi kwa miaka 5. Idara ya fedha imepiga hesabu, mkurugenzi wa fedha ameipitisha, na karatasi iko tayari kwenda kwa bodi na jibu moja: mashine hiyo itaongeza thamani ya shilingi milioni 33.6. Siku chache kabla ya kikao, mchambuzi wa idara hiyohiyo analipitia jedwali mstari kwa mstari na kugundua kwamba kuna mambo mawili hayamo. Sasa inambidi amwandikie bosi wake barua pepe.

Ili kuielewa barua hiyo, kwanza tuione hesabu yenyewe. Inaitwa thamani halisi ya sasa, na katika majedwali ya kompyuta huandikwa NPV. Swali lake ni moja: fedha zote zitakazoingia na kutoka miaka ijayo, zikirudishwa kwenye thamani ya leo, zinazidi gharama ya kuanzia au hazifikii? Shilingi ya mwakani huhesabiwa kuwa ndogo kuliko ya leo kwa sababu fedha ya leo ingeweza kuwekwa kwingine ikazaa. Kiwanda chetu kinatumia kiwango cha asilimia 15 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, shilingi 100 utakazopata baada ya mwaka mmoja zina thamani ya shilingi 87 hivi leo, na zile za baada ya miaka 5 hazifiki hata 50.

Jedwali la kwanza lilijengwa hivi. Mashine italeta shilingi milioni 270 kila mwaka, baada ya kuondoa mbegu, umeme, mishahara na usafiri. Kodi ya mapato ya kampuni Tanzania ni asilimia 30, kwa hiyo zinabaki milioni 189. Milioni 189 za kila mwaka kwa miaka 5, zikirudishwa kwenye thamani ya leo, ni milioni 633.6. Ukiondoa milioni 600 za mashine, zinabaki 33.6. Mahesabu ya kuzidisha na kutoa yote ni sahihi. Kasoro iko katika yale ambayo jedwali halikuulizwa.

Jambo la kwanza lililosahaulika linakisaidia kiwanda. Mashine huchakaa, na sheria ya kodi inaruhusu sehemu ya gharama yake itolewe kwenye mapato kila mwaka kabla kodi haijakokotolewa. Kwa urahisi wa mfano, tuigawe milioni 600 sawa kwa sawa: milioni 120 kila mwaka. Basi kodi haitozwi kwenye milioni 270 bali kwenye 150. Kodi inakuwa milioni 45 badala ya 81, na kiwanda kinabaki na milioni 36 zaidi kila mwaka. Hii ndiyo nafuu ya kodi. Uchakavu wenyewe hautoi hata senti mfukoni, kwa kuwa fedha za mashine zililipwa siku ya kwanza. Kinachohesabiwa ni kodi isiyolipwa kwa sababu yake. Milioni 36 za kila mwaka, kwa thamani ya leo, ni milioni 120.7.

Jambo la pili ndilo linalouma. Alizeti ya kanda ya kati huvunwa kwa msimu, na kiwanda kinachotaka kukamua mwaka mzima lazima kinunue mbegu wakati wa mavuno, kwa fedha taslimu, kisha kizihifadhi ghalani. Mafuta nayo yakishatoka, wauzaji wa jumla huyachukua kwa mali kauli na kulipa baada ya wiki kadhaa. Mchambuzi alimwendea meneja wa ununuzi na mhasibu wa wadaiwa, akapata picha hii: uzalishaji wa mashine mpya utahitaji mbegu za milioni 330 ghalani, madeni ya wateja yataongezeka kwa milioni 110, na wasambazaji wa madumu na wasafirishaji watakidai kiwanda milioni 40. Ukijumlisha mbili za kwanza na kuondoa ya tatu, unapata milioni 400. Huo ndio mtaji wa uendeshaji: fedha zinazozunguka ndani ya biashara zisizoweza kutumiwa kwingine.

Mtu anaweza kusema milioni 400 hizo hazipotei, kwa kuwa mwisho wa mradi mbegu zitakuwa zimekamuliwa, wateja watakuwa wamelipa, na fedha zitarudi. Ni kweli, na hesabu sahihi inazirudisha mwaka wa 5. Lakini milioni 400 za mwaka wa 5 zina thamani ya milioni 198.9 tu leo. Tofauti ya milioni 201.1 ndiyo gharama ya kufungiwa fedha kwa miaka 5, hata kama kila shilingi itarudi salama.

Sasa jumlisha. Milioni 33.6 za mwanzo, ongeza 120.7 za nafuu ya kodi, toa 201.1 za mtaji wa uendeshaji. Jibu ni pungufu ya karibu milioni 47. Mradi uliokuwa unapita sasa haupiti.

Makosa haya mawili hutokea sana pamoja kwa sababu yana asili moja: jedwali limejengwa juu ya bajeti ya mauzo na matumizi. Katika bajeti hiyo, mbegu huhesabiwa kuwa gharama pale mafuta yake yanapouzwa, wala si siku zilipolipiwa, kwa hiyo fedha zilizolala ghalani hazionekani. Uchakavu nao huondolewa na mtayarishaji anayekumbuka, kwa haki kabisa, kwamba si fedha inayotoka. Anachosahau ni kuurudisha kwenye mstari wa kodi. Dalili ni rahisi kuziona. Kama kodi kwenye jedwali ni asilimia 30 kamili ya fedha za uendeshaji, nafuu ya kodi imeachwa. Na kama mwaka wa kuanzia una bei ya mashine peke yake, huku mwaka wa mwisho ukifanana na wa kabla yake, mtaji wa uendeshaji haumo.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi:

*Kuhusu: Marekebisho ya hesabu ya mashine ya kukamua, kabla ya kikao cha bodi*

*Ndugu Mkurugenzi,*

*Shikamoo. Naomba karatasi ya mashine isipelekwe kwa bodi kama ilivyo. Thamani halisi ya sasa iliyomo ni milioni 33.6. Baada ya marekebisho inakuwa pungufu ya karibu milioni 47, yaani mradi haupiti kwa kiwango chetu cha asilimia 15.*

*Mambo mawili hayakuwemo. Nafuu ya kodi itokanayo na uchakavu inaongeza milioni 120.7. Mtaji wa uendeshaji wa milioni 400, unaorudi mwaka wa 5, unapunguza milioni 201.1. Mauzo, gharama na kiwango cha punguzo sikuvigusa.*

*Mradi unaweza kupita kama mtaji wa uendeshaji utashuka hadi milioni 306 bila gharama nyingine kupanda. Nimeambatanisha jedwali, mistari niliyoongeza ina rangi ya njano. Naomba uanze kukagua makadirio ya mbegu na madeni ya wateja, maana ndiyo yanayobeba jibu. Nipo tayari kuja ofisini kwako leo kuyapitia pamoja.*

Mpangilio huu una sababu zake. Jibu jipya limekaa juu kwa sababu mkurugenzi anahitaji kuamua kwanza kama asimamishe karatasi. Sababu anaweza kuzisoma baadaye. Kila kosa limepewa namba yake, kwa kuwa yanavuta pande tofauti. Mchambuzi angeeleza nafuu ya kodi peke yake, jibu lingepanda hadi milioni 154.3 na bodi ingeshangilia. Angeeleza mtaji peke yake, lingeshuka hadi pungufu ya milioni 167.5 na mradi ungezikwa. Yote mawili yangekuwa upotoshaji. Tena barua inataja yasiyoguswa, ili msomaji asijiulize kama kuna mengine yaliyobadilishwa kimyakimya.

Namba ya milioni 306 ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Haimwambii mkurugenzi tu kwamba mradi ni mbaya, bali inamwonyesha unaposhindwa: ghalani na kwenye mali kauli, wala si kwenye mashine. Kiwanda kinaweza kununua sehemu ya mbegu baadaye kutoka kwa wafanyabiashara wanaozihifadhi, au kupunguza muda wa mali kauli. Lakini mbegu za nje ya msimu huwa ghali zaidi, na hapo hesabu inatoa kipimo. Kila milioni 100 inayolala ghalani inakigharimu kiwanda milioni 15 kwa mwaka. Kwa kuwa kila shilingi ya faida inakatwa kodi ya asilimia 30, hizo ni sawa na milioni 21.4 za faida kabla ya kodi. Kwa hiyo, ikiwa kuchelewa kununua mbegu za milioni 100 kutapandisha bei yake kwa milioni 10, ni nafuu kuchelewa. Kukiipandisha kwa milioni 30, ni heri kujaza ghala.

Marekebisho haya nayo yana mipaka ambayo mkurugenzi makini ataiulizia. Nafuu ya kodi ina thamani pale tu kampuni inapokuwa na faida ya kutozwa kodi. Ikiwa mwaka wa kwanza ni wa hasara, nafuu huchelewa na thamani yake hupungua. Pia sheria haigawi uchakavu sawa kwa sawa. Mitambo ya aina hii Tanzania kwa kawaida huondolewa asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka, na viwanda vina vivutio vyake, kwa hiyo jedwali la mwisho lifuate ratiba ya sheria. Nafuu ya kodi ya riba ya mkopo isiongezwe hapa ikiwa tayari imo ndani ya ile asilimia 15, la sivyo itahesabiwa mara mbili.

Upande wa mtaji, mbegu huisha taratibu hadi msimu ujao, ilhali hesabu ya mwaka mwaka inazichukulia kama zimelala muda wote. Jedwali la miezi litapunguza gharama hiyo. Kwa upande mwingine, si kila fedha hurudi. Mbegu zikiota ukungu au mteja mmoja mkubwa akikimbia na deni, ule mwaka wa 5 hautaleta milioni 400. Zikirudi milioni 320 tu, pengo linakua kwa karibu milioni 40 nyingine.

Kwa hiyo karatasi inayostahili kufika kwa bodi si ile ya milioni 33.6, wala si ya kukataa mashine. Ni ile inayosema mashine inunuliwe kwa sharti: meneja wa ununuzi na meneja wa mauzo walete mpango, wenye bei na tarehe, wa kuendesha kiwanda kwa mtaji usiozidi milioni 306.